Zolpidemu na mlo mzito
Zolpidemu ni dawa ya usingizi inayomezwa mara moja tu kwa usiku, mtu anapopanda kitandani. Kidonge chake hufyonzwa hasa katika utumbo mwembamba. Baada ya mlo mzito, hasa wenye mafuta mengi, mfuko wa tumbo huchelewa kujimwaga, na dawa hungoja humo pamoja na chakula. Ndiyo sababu hushauriwa isimezwe pamoja na mlo wala mara baada yake.

Katika jaribio moja, wanaume 30 wenye afya walimeza miligramu 10, mara wakiwa hawajala, mara dakika 20 baada ya kula. Walipokuwa wamekula, dawa ilifikia kilele katika damu baada ya saa 2.2 kwa wastani, badala ya saa 1.4, na kilele chenyewe kilipungua kwa asilimia 25.

Tuseme mtu ameshiba pilau ya nyama, akameza kidonge saa 4:00 usiku. Kilele kilichotarajiwa karibu saa 5:24 kinaweza kusogea hadi saa 6:12. Akiwa bado macho saa 5:30, huona kidonge hakifai kitu, akaongeza cha pili. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa cha kwanza kilikuwa njiani tu: vyote viwili hukutana mwilini, na asubuhi anaweza kuamka na kizunguzungu, akaanguka, au akasinzia akiendesha gari.