Intaneti ipo, printa ya juu haipatikani

Kompyuta ya mhasibu, ghorofa ya chini, inafungua intaneti vizuri na kuchapisha kwenye printa iliyo jirani. Printa ya ghorofa ya juu, yenye anwani 192.168.2.20, haiipati kabisa, ilhali wenzake wote wanaitumia. Wengi hukimbilia kubadilisha waya. Waya hauna kosa.

Ofisi hii ina mitandao miwili: chini 192.168.1, juu 192.168.2, na katikati kuna ruta. Kompyuta ya mhasibu ni 192.168.1.40, na aliyeijaza kwa mkono aliandika `Subnet mask` 255.255.0.0 badala ya 255.255.255.0. Namba hiyo ndiyo huiambia kompyuta nani yuko mtandao mmoja nayo. Sasa inalinganisha tarakimu 192.168 tu, inaona printa ya juu ni jirani, na badala ya kuikabidhi ruta kazi, inaita yenyewe: nani ana 192.168.2.20? Wito hauvuki ruta, hivyo hakuna anayejibu. Anwani za intaneti hazianzi na 192.168, kwa hiyo zinapitia ruta bila shida.

Kwenye Windows, `ping` hujieleza:

```
Reply from 192.168.1.40: Destination host unreachable.
```

Tazama anwani: anayejibu ni kompyuta yenyewe, si ruta. Kisha fungua `ipconfig`, ulinganishe na ya jirani. Baadhi ya ruta hujibu wito kwa niaba ya wengine, na hapo kosa hufichika hadi siku ruta inapobadilishwa.