Kabla Hujaiambia Facebook Ikutafutie "Wateja Kama Hawa"

Mfanyabiashara mwenye orodha ya wateja anaweza kuipeleka kwenye mfumo wa matangazo wa Facebook na Instagram, kisha akaomba atafutiwe watu wengine wanaofanana nao. Kwenye skrini huduma hiyo inaandikwa Lookalike Audience, na imekuwepo tangu 2013. Kuitengeneza ni kazi ya dakika chache. Ugumu uko kwenye kujua kama orodha uliyoipeleka, yaani mbegu, inafaa, kwa sababu mfumo hauulizi. Utafuata kile inachofanana nacho orodha, kiwe kizuri au kibaya.

Tuchukue mfano wa duka la nguo za watoto wachanga la Dar es Salaam, linalopokea oda kwa WhatsApp na malipo kwa simu. Tuseme lina orodha ya mistari 4,200 iliyokusanywa kwa miaka mitatu. Orodha hiyo huwekwa kwenye faili la CSV lenye vichwa vya safu ambavyo mfumo unavifahamu:

```
phone,fn,ct,country,value
```

Yaani namba ya simu, jina la kwanza, mji, nchi, na thamani ya manunuzi ya mteja. Kabla ya kuondoka kwenye kompyuta yako, namba na majina hugeuzwa kuwa msimbo kwa njia iitwayo SHA-256. Upande wa pili, msimbo huo unalinganishwa na wa watumiaji wenye akaunti. Wanaolingana ndio wanaobaki kuwa mbegu. Kisha mfumo huangalia tabia wanazoshirikiana na kutafuta watumiaji wengine wa nchi hiyo wenye tabia za karibu. Unachagua ukubwa kuanzia asilimia 1 hadi 10 ya nchi: asilimia 1 ndiyo inayofanana zaidi na mbegu, na kadiri unavyopanda ndivyo mfanano unavyopungua.

Kuna mambo mawili yanayopunguza idadi ya wanaolingana kimyakimya. La kwanza ni jinsi namba zilivyoandikwa. Namba inayoanza na 07 inapaswa kuanza na 2557, la sivyo inaweza isitambuliwe. Na ukifungua faili kwa Excel, unaweza kukuta namba imeonyeshwa kama 2.55E+11. Ukihifadhi CSV hivyohivyo, tarakimu za mwisho zimepotea na faili zima halina maana tena. Badilisha safu ya simu iwe maandishi kwanza, ndipo uingize namba.

La pili ni kubwa zaidi kwetu: anayelipa mara nyingi siye anayenunua. Mama ameagiza nguo, baba ndiye aliyetuma pesa, au dada, au mtu amelipia kwa wakala. Ukichukua orodha yako kwenye taarifa za malipo, umekusanya walipaji. Mfumo utaenda kutafuta watu wanaofanana na kina baba na mawakala, nawe utashangaa kwa nini tangazo la nguo za kichanga linawafikia wasiojali. Tumia namba iliyotuma oda kwenye WhatsApp, hata kama itakulazimu kuzioanisha moja moja.

Sasa tuichambue ile mistari 4,200. Tuseme 1,500 ni watu waliouliza bei tu wasirudi tena. Hao wanafanana na waulizaji, kwa hiyo watoke. Inabaki 2,700. Namba zilizojirudia ni 500, tunabaki na 2,200. Wauzaji wa rejareja wanaochukua dazeni kwa dazeni, pamoja na ndugu na wafanyakazi wa duka, ni 100. Wauzaji hao ni wateja wazuri sana, lakini hawafanani na mama anayejiandaa kujifungua. Wakae kwenye orodha yao. Tumebaki na 2,100.

Kisha tarehe. Aliyenunua nguo za kichanga miaka mitatu iliyopita sasa ana mtoto anayekimbia, na anachosoma na kununua leo ni kingine kabisa. Ukiondoa wote ambao hawajanunua kwa mwaka mzima, tuseme 900, unabaki na 1,200. Muuza simenti au muuza vipuri anaweza kuvumilia orodha ya zamani. Muuza nguo za vichanga hawezi.

Kati ya hao 1,200, labda nusu tu ndio watakaolingana na akaunti. Mfumo unahitaji walau watu 100 wa nchi moja, na Meta inapendekeza kati ya 1,000 na 5,000. Hapa ndipo wengi wanapoogopa na kurudisha waulizaji ili idadi ipande. Ni kosa. Mia sita wanaofanana kweli wanaupa mfumo kitu cha kushika. Elfu mbili waliochanganyika wanauyumbisha. Lakini ukishuka kukaribia 100, tabia za watu wachache zinaanza kuonekana kama tabia ya wote. Hapo afadhali kulegeza tarehe kidogo kuliko kulegeza aina ya mteja.

Kabla ya kupakia, chukua majina ishirini bila kuchagua, ujiulize kuhusu kila mmoja: huyu ni mteja ningependa kupata mwingine kama yeye? Ikiwa wengi walinunua siku ya punguzo kubwa tu, utaletewa wasubiri-punguzo. Ikiwa wote walitoka kwenye tangazo moja la zamani lililolenga Kinondoni, orodha inakueleza juu ya tangazo lile kuliko juu ya soko lako.

Hata hivyo, hukumu ya mwisho hutolewa na mauzo. Tengeneza hadhira mbili za asilimia 1, moja kutoka kwa wale 1,200 na nyingine kutoka kwa mistari yote 4,200. Ondoa wateja uliokuwa nao kwenye zote mbili. Weka tangazo lilelile na bajeti sawa kupitia jaribio la A/B, ili mtu mmoja asiingie pande zote mbili. Kisha hesabu wanunuzi wapya walioletwa na kila upande. Likes na jumbe za "bei gani?" usizihesabu.

Tuseme kila upande umetumia shilingi 300,000, orodha safi imeleta wanunuzi 40 na ile nyingine 18. Ni shilingi 7,500 kwa mnunuzi dhidi ya zaidi ya 16,600. Je, inaweza kuwa bahati? Jumlisha wanunuzi wote, 58, tafuta kipeuo cha pili, kama 7.6, kisha kizidishe mara mbili: 15. Tofauti ya 22 inapita 15, kwa hiyo iamini. Ingekuwa 12 kwa 9, tofauti ni 3 na kipimo ni 9. Endelea kujaribu, usitangaze mshindi. Pesa ikiruhusu, weka upande wa tatu usio na mbegu yoyote, Dar es Salaam nzima. Ukiona unalingana na orodha yako safi, mbegu haikuongezei kitu.

Wateja hao walikupa namba ili wapate nguo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inakudai sababu halali ya kuzitumia, na kugeuza namba kuwa msimbo hakukuondolei wajibu huo. Waambie wakati wa oda kwamba namba yao inaweza kutumika kwa matangazo, na anayekataa mtoe.

Orodha uliyopakia kwa mkono haijisasishi. Kwa duka hili, kila baada ya miezi mitatu ingiza wanunuzi wapya na utoe waliopitwa na umri wa watoto wao, kisha urudie jaribio.