Jina Moja, Maandishi Mengi: Kwa Nini Jamaa Yetu Haonekani Katika Orodha?

Wengi katika familia zetu za pwani wana binti, ndugu au mume afanyaye kazi Saudia na nchi jirani za Ghuba. Simu inapokatika kwa siku kadhaa, jamaa huanza kuulizia hospitalini, kwa wakala na ubalozini. Mara nyingi jibu huwa moja: jina hilo halimo. Kabla ya kulipokea jibu hilo, ni vyema tufahamu kwamba mtu aweza kuwamo katika daftari na jina lake lisionekane.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti ana pasipoti ya Kenya iliyoandikwa Zuhura Hamisi Abdalla. Karani wa huko huligeuza jina hilo kwa hati ya Kiarabu, naye huandika زهرة خميس عبد الله. Baadaye karani mwengine, asiyeiona pasipoti, huligeuza tena kwa herufi za Kizungu, likawa Zahra Khamees Abdullah. Hakuna aliyekosea, lakini majina yote matatu yamebadilika.

Tuanze na Zuhura. Hati ya Kiarabu huandika konsonanti na irabu ndefu. Irabu fupi huachiwa msomaji azitie mwenyewe. Zuhura na Zahra huandikwa kwa herufi zilezile, na asiyemjua mwenye jina husoma lile alilolizoea. Hamisi nalo lina shida nyengine. Kiarabu kina herufi tatu, yaani ح na خ na ه, ambazo Kiswahili chetu aghalabu huziandika zote kwa h. Jina hili asili yake ni خ, ambayo Kizungu huiandika kh. Lakini karani akilisikia likitamkwa kipwani, aweza kuliandika kwa ح, na hapo hata mwenye kutafuta kwa Kiarabu hatalipata. Ama Abdalla, wako wanaoliandika عبد الله kwa nafasi katikati, na wako wanaoliunganisha عبدالله. Jicho letu huona jina moja, ilhali kompyuta nyingi huona mawili.

Sababu ni kwamba kompyuta ya kawaida hailinganishi sauti wala maana, bali herufi kwa herufi. Katika orodha ya alifabeti, Hamisi yuko chini ya H na Khamees yuko chini ya K, mbali kabisa.

Hata watu mashuhuri hawakusalimika. Kiongozi wa Libya aliyeuawa mwaka 2011 ameandikwa Gaddafi, Qaddafi, Kadhafi na hata Gathafi. Herufi ya kwanza ya jina lake ni ق, ambayo Walibya wengi huitamka g. Na ile ya katikati ni ذ, ambayo wengine huiandika d, wengine dh, wengine th.

Basi jamaa wafanyeje? Kwanza, kabla ya msafiri kuondoka, wabaki na nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha. Chini yake pana mistari miwili ya herufi kubwa na alama za `<`. Hiyo ndiyo isomwayo na mashine mipakani, na tahajia iliyomo humo ndiyo ya kuanzia.

Pili, msafiri akishapata kadi ya ukaazi, yaani ikama, atume picha yake nyumbani. Humo mna jina lake kama lilivyoandikwa kwa Kiarabu huko, pamoja na nambari. Nambari ya mkaazi wa kigeni Saudia ina tarakimu 10 na huanza na 2. Nambari haina irabu wala matamshi, kwa hivyo mwombeni karani atafute kwa nambari hiyo, au kwa ile ya pasipoti, kabla ya kutafuta kwa jina.

Tatu, ikiwa hakuna nambari, msitoe jina zima kwa tahajia moja. Mpeni karani orodha fupi: Hamisi, Khamis, Khamees, Zuhura, Zuhra, Zahra. Mwombeni pia ajaribu jina moja moja, na aondoe al na bin, maana pengine viliandikwa na pengine viliachwa.

Jina likipatikana, msiharakie kufurahi wala kulia. Zahra Khamees ni wengi. Linganisheni tarehe ya kuzaliwa, mkikumbuka kwamba huenda imeandikwa kwa mwaka wa Hijria, na kuigeuza kwaweza kuleta tofauti ya siku moja au mbili. Ulizeni pia uraia na jina la babu. Vikiafikiana vyote, hapo ndipo mtakapojua kwamba mliyempata ni wenu.