Tangazo la Vibarua wa Sikukuu: Hesabu Saa Kwanza

Desemba ikikaribia, milango ya maduka Kariakoo hubandikwa karatasi: "Wanahitajika wauzaji wa muda." Chukua tangazo la mfano la duka la nguo. Kazi ni kupanga bidhaa, kuhudumia wateja na kufunga mizigo. Malipo ni kila Jumamosi. Muda ni saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, siku sita. Mwombaji apeleke barua na kitambulisho dukani.

Mimi huanza na saa. Ukitoa saa moja ya mapumziko, zinabaki 11 kwa siku, yaani 66 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, hivyo 21 ni za ziada, na kila moja hulipwa mara moja na nusu. Zaidi ya hapo, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Hapa zinafika 84. Tangazo hilo linahitaji zamu mbili.

Likikaa kimya kuhusu saa za ziada, uliza kabla ya kuacha barua yako.