Kifua Kikinyamaza Katika Swali la Pumu

Sehemu ya kwanza ya PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje ya Uingereza wanaotaka kufanya kazi huko, ina maswali 180 ya kujibiwa kwa saa 3. Daktari aliyetoka Muhimbili au Makerere ana dakika moja kwa kila swali, na swali la pumu huwa na mtego wake.

Tuseme limekuja hivi. Mwanamke wa miaka 24, mwenye pumu tangu utotoni, amefikishwa idara ya dharura akiwa amebanwa tangu asubuhi. Anahema mara 32 kwa dakika, moyo unapiga mara 128, na oksijeni ni asilimia 91. Akipuliza kipima pumzi anafikia lita 140 kwa dakika. Siku zake nzuri hufikia 450. Daktari akiweka stethoskopu kifuani, ile miluzi ya pumu haisikiki sana. Damu ya mshipa wa ateri inaonyesha kabonidayoksaidi ya kilopaskali 5.4, na kawaida ni 4.6 hadi 6.0. Afanyiwe nini?

Mtahiniwa mwenye haraka hufarijika mara mbili: miluzi imepungua, na kabonidayoksaidi ni ya kawaida. Hapo ndipo maksi zinapopotea.

Mtu aliyebanwa na pumu huhema mbiombio, na kuhema huko huitoa kabonidayoksaidi kwa wingi. Kwa hiyo katika shambulio inatakiwa iwe chini ya kawaida. Ikikutwa palepale penye kawaida ilhali mgonjwa bado anahangaika, maana yake misuli ya kupumua imechoka na hewa haitoki inavyopaswa. Ikipanda kupita 6.0, mgonjwa yuko hatua moja tu na mashine ya kupumulia. Miluzi nayo hutokana na hewa inayopenya njia nyembamba. Hewa isipopita, hakuna cha kupiga mluzi.

Mwongozo wa Uingereza hutenganisha shambulio kali na linalotishia uhai. Kali ni lile la mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, anayehema mara 25 au zaidi, moyo ukipiga 110 au zaidi, na kipima pumzi kikiwa kati ya asilimia 33 na 50 ya uwezo wake. Kipimo kikishuka chini ya 33, oksijeni chini ya 92, kifua kikinyamaza, midomo ikigeuka rangi ya bluu, presha ikishuka au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, uhai wenyewe uko hatarini. Dalili moja kati ya hizo inatosha. Dada wa swali letu ana zaidi ya moja, kwani 140 kwa 450 ni asilimia 31.

Basi apewe oksijeni hadi afike asilimia 94 hadi 98, na nebulaiza inayosukumwa na oksijeni hiyohiyo, yenye salbutamoli miligramu 5 pamoja na ipratropiamu miligramu 0.5. Steroidi isicheleweshwe: prednisoloni miligramu 40 hadi 50 kwa mdomo, au haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa kama hawezi kumeza. Magnesiamu salfeti gramu 1.2 hadi 2 hupitishwa kwenye mshipa kwa dakika 20 baada ya kushauriana na daktari bingwa, na wa chumba cha wagonjwa mahututi huitwa mapema. Kati ya majibu huwekwa pia dawa ya kumtuliza kwa kuwa "ana wasiwasi". Hilo ndilo jibu baya kuliko yote: humpunguzia pumzi mtu aliyekwisha kuishiwa.

Swali la pili huja akishapona: alikuwa akitumia pampu ya bluu peke yake, je, aendelee? Salbutamoli hulegeza misuli ya njia za hewa lakini haigusi uvimbe ulio ndani. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2014 kuhusu vifo vya pumu ulikuta wagonjwa wengi waliandikiwa zaidi ya pampu 12 za namna hiyo katika mwaka wao wa mwisho. Ndiyo maana mwongozo wa Novemba 2024 unamwanzishia mgonjwa mpya mwenye miaka 12 au zaidi pampu moja yenye steroidi kidogo na formoteroli, aivute anapobanwa. Isipotosha, pampu ileile huvutwa kila siku, na tena anapobanwa. Kisha dozi ya steroidi hupandishwa kuwa ya wastani. Kisha huja vipimo vya uvimbe, dawa za nyongeza na bingwa.

Dada huyu, kwa kuwa ametoka kunusurika, haanzi ngazi ya chini: huanza na pampu ya kila siku. Kabla hajaondoka huombwa avute mbele ya nesi. Wengi hubonyeza kwanza ndipo wavute, na dawa huishia kwenye ulimi. Ngazi haipandishwi kabla ya hilo kurekebishwa, na daktari wake wa mtaani humwona ndani ya siku 2 za kazi.