Kwa nini simu ya video huganda mtu akipakia faili, na jinsi ruta inavyoweza kuzuia

Mtu mmoja yuko kwenye kikao cha Google Meet, picha safi, sauti safi. Chumba cha pili, mwenzake anaanza kupakia video ya harusi Google Drive. Ghafla nyuso zinaganda, sauti inakatika, watu wanaanza kuongea kwa pamoja. Wengi hulaumu kifurushi kuwa ni kidogo. Mara nyingi tatizo si kasi, ni foleni.

Foleni inatoka wapi?

Kila data inayotoka nyumbani hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Pakiti zikija kwa wingi kuliko laini inavyoweza kubeba, ruta au modemu huziweka kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya kusubirishia, hadi zamu yake ifike.

Shida ni kwamba vifaa vingi vina bafa kubwa kupita kiasi. Programu inayopakia faili huongeza kasi hadi ione pakiti zinapotea, ndipo ipunguze. Bafa kubwa haipotezi pakiti mapema, inazilundika tu. Kwa hiyo programu inadhani njia ni nyeupe na inazidi kumimina. Hali hiyo ndiyo wataalamu huiita Bufferbloat.

Pakiti za simu ya video ni ndogo na chache, lakini zinapanga foleni ileile. Ni kama bodaboda iliyokwama nyuma ya malori mia kwenye daraja la njia moja.

Hesabu yake

Chukua nyumba yenye kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde na modemu yenye bafa ya megabaiti 1. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Bafa ikijaa, pakiti mpya inasubiri 8 kugawanya kwa 5, yaani sekunde 1.6, kabla hata ya kutoka nyumbani.

Mazungumzo huenda vizuri sauti ikifika ndani ya milisekunde 150 hivi. Hapa ucheleweshaji ni zaidi ya mara kumi ya hapo.

Utajuaje kama ndilo tatizo lako?

Fungua app ya Speedtest na upime wakati hakuna anayetumia intaneti. Chini ya ping utaona namba tatu: ya laini ikiwa imetulia, ya wakati wa kupakua na ya wakati wa kupakia. Kama ya kwanza ni 20 na ya kupakia inaruka hadi mamia au elfu, umeshalipata. Pima ukiwa karibu na ruta, maana Wi-Fi dhaifu nayo huchelewesha.

Dawa: foleni yenye akili

Mpangilio huo huitwa SQM. Unapatikana kwenye ruta zenye OpenWrt, na MikroTik zenye RouterOS 7 zina aina za foleni zinazofanya kazi hiyo, kama `cake`.

Unafanya mambo mawili. Kwanza, chagua `cake`. Yenyewe hutenganisha kila mtiririko na kuupa zamu yake, hivyo pakiti za simu hazisubiri faili zima lipite. Faili likianza kulundikana, hudondosha pakiti chache mapema ili programu ipunguze mwendo.

Pili, weka kikomo cha kasi ya kupakia chini kidogo ya kasi halisi, kama asilimia 90. Kwa laini ya megabiti 5, andika kilobiti 4500. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo siri yenyewe. Usipopunguza, foleni itajengeka kwenye modemu, ambako `cake` haina mamlaka. Ndiyo maana pia kuipa simu kipaumbele tu bila kuweka kikomo mara nyingi hakusaidii.

Unapoteza nini?

Video ya gigabaiti 1 ingechukua kama dakika 27 kwa kasi kamili. Kwa kikomo kipya ni kama dakika 30. Dakika tatu za ziada, na kikao hakikatiki.

Ukimaliza, pima tena. Ping ya kupakia ikibaki karibu na ya laini iliyotulia, imekubali. Ikiwa bado juu, shusha kikomo kidogo kidogo.

Pale isipotosha

Kwenye ruta za 4G na 5G kasi hupanda na kushuka kutwa nzima. Kasi halisi ikishuka chini ya kikomo ulichoweka, foleni inarudi kwenye modemu. Hapo kikomo kiwekwe kulingana na saa mbaya, si saa nzuri. Pia ruta yenye prosesa dhaifu huweza kushindwa kuendesha `cake` kwenye laini yenye kasi kubwa.

Na kama ruta yako haina mpangilio huu? Google Drive ya kompyuta ina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi ya kupakia. Punguza hapo hadi nusu, au acha faili lipande usiku baada ya vikao.