Hedfoni Mbili, Filamu Moja

Katika nyumba ya chumba na sebule, mtoto akishalala runinga hushushwa sauti mpaka wanaoitazama wanabaki kubahatisha maneno. Hedfoni ya bluututhi humwokoa mtu mmoja tu, mwenzake anabaki kutazama midomo inavyocheza. Kwa sababu hiyo kuna transmita ndogo, zinazoenea kiganjani, zinazochomekwa kwenye runinga na kurusha sauti kwa hedfoni mbili kwa pamoja. Kila mmoja anajipangia sauti yake, na hilo peke yake ni nafuu kubwa kama mmoja wenu hasikii vizuri.

Kuunganisha si kazi ngumu, ila kuna mahali watu hukwama. Ukitumia tundu la runinga lililoandikwa OPTICAL, ingia kwanza kwenye mipangilio ya sauti uchague PCM. Ukiiacha kwenye Bitstream, filamu yenye sauti ya Dolby itatoka katika muundo ambao transmita nyingi za aina hii haziwezi kuusoma, na utasikia kimya au mkwaruzo. Wengi hapo hudhani wameuziwa kifaa kibovu. Halafu zima bluututhi ya simu zilizo karibu, kwani hedfoni ikiwashwa hukimbilia simu inayoifahamu. Unganisha hedfoni ya kwanza, irudishe transmita kwenye hali ya kutafuta, ndipo uwashe ya pili. Ikiwa ya kwanza imekatika katikati ya shughuli hiyo, izime na kuiwasha tena; kwa kawaida hurudi yenyewe.

Shida yenyewe huanza filamu inapoanza. Sauti ya bluututhi hubanwa, hurushwa, kisha hedfoni huiweka akiba kidogo kabla ya kuitoa ili isikatikekatike. Yote hayo yanakula muda. Kwa mfumo wa kawaida uitwao SBC, ambao hedfoni zote za bluututhi za kusikilizia muziki zinao, sauti inaweza kuchelewa kiasi cha milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Filamu ya sinema huenda kwa picha 24 kila sekunde, kwa hiyo sauti inakuwa nyuma kwa karibu picha tano. Mfumo wa aptX Low Latency hupunguza ucheleweshaji huo hadi kiasi cha milisekunde 40, ambazo jicho halizioni, lakini lazima uwe kwenye transmita na kwenye hedfoni pia.

Sasa chukulia mume ana hedfoni yenye aptX Low Latency, na mkewe ana ya SBC tu. Mume akiwa peke yake, mambo ni safi. Mke akiunganisha ya kwake, transmita nyingi huwashusha wote wawili kwenye SBC, na mume anashangaa hedfoni yake imeharibikaje ghafla. Haijaharibika. Transmita nyingine huacha kila hedfoni na mfumo wake. Hapo mume anacheka, na mke anausikia mzaha uleule baadaye kidogo. Kwa maoni yangu hali hii ya pili inaudhi zaidi, kwa sababu raha ya kutazama pamoja ni kushtuka pamoja. Ndiyo maana ningewashauri wanunue hedfoni mbili za modeli moja, hata kama si za bei kubwa.

Kupima ni rahisi. Tafuta filamu ya Kibongo, mwigizaji akionekana uso kwa karibu, umsubiri atamke neno kama “baba” au “mama”. Kwa herufi hizo midomo lazima igusane. Ukiona imeshaachana ndipo sauti inaingia, umeuona ucheleweshaji. Usipimie filamu iliyoingizwa sauti ya Kiswahili au yenye msimuliaji juu yake, maana humo midomo na maneno havikuwahi kupatana.

Runinga nyingi zina mpangilio wa kuchelewesha sauti, lakini hapa haufai kitu, kwani sauti tayari iko nyuma na mpangilio huo utaisukuma nyuma zaidi. Kompyuta ina nafuu. Ukitazama filamu iliyo kwenye flashi kwa programu ya VLC ya Windows, huku transmita imechomekwa kwenye kompyuta hiyo, kitufe cha J huvuta sauti mbele kwa milisekunde 50 kila ukikibonyeza, na K huirudisha. Mibonyezo minne ya J hufuta milisekunde 200. Inawezekana kwa kuwa programu husoma faili kabla ya kuionyesha. Ila marekebisho hayo huenda kwa hedfoni zote mbili sawasawa. Kama zinatofautiana, mmoja ataridhika na mwingine atalalamika. Hapo tumieni kigawanyi cha waya cha tundu la hedfoni na hedfoni mbili za waya, ambazo hazina ucheleweshaji wa kuhisika.